Jino limeng'olewa Jumanne, matanga ni Jumamosi: namna ya kupanga dawa zako ukiwa mtu wa pombe

Mgonjwa aliyetoka kung'olewa jino lililooza huingia kwenye kemisti yetu hapa Kondele, Kisumu, shavu limevimba, pamba imebanwa kati ya meno, na karatasi ya daktari mkononi. Mara nyingi karatasi hiyo ina dawa nne: amoksilini, metronidazoli ambayo wengi tunaiita Flagyl, diklofenaki na parasetamoli. Ninapanga vidonge kwenye bahasha nne, naandika nyakati, analipa. Akishafika mlangoni ndipo anageuka na kuuliza: "Daktari, na pombe je?"

Kumjibu "usinywe" halafu kumwita mteja anayefuata hakumsaidii. Kila bahasha kati ya hizo nne ina uhusiano wake na pombe. Moja haina ugomvi nayo wa moja kwa moja, ya pili inategemea umekunywa kiasi gani na kwa muda gani, ya tatu inachokoza tumbo lile lile ambalo pombe inalichokoza, na ya nne inaweza kukuangusha usiku huo huo. Nitazipitia moja moja, nikimtumia mteja mmoja kama mfano. Ni fundi mwashi wa miaka arobaini na kitu, aliyekuja Jumanne saa saba mchana. Jumamosi alikuwa na matanga ya shemeji yake kule Siaya, na alijua kabisa kwamba kutakuwa na busaa, chang'aa na bia.

Hatua ya kwanza: sema ukweli kuhusu pombe kabla ya kulipa

Nilimuuliza maswali matatu. Unakunywa nini na kiasi gani? Je, asubuhi mikono hutetemeka mpaka uonje kidogo? Umewahi kutibiwa vidonda vya tumbo?

Swali la kwanza ni la hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi. Ini la mtu mzima huchoma takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halikimbizwi na kahawa, supu wala kuoga maji baridi. Kwa hiyo chupa moja hukaa mwilini saa mbili hadi tatu, na aliyemaliza chupa tano saa sita usiku bado ana pombe kwenye damu anapomeza kidonge cha asubuhi. Chang'aa ndiyo ngumu zaidi kuhesabu, kwa sababu haina lebo na nguvu yake hubadilika kutoka kwa mpishi mmoja hadi mwingine. Ukiniambia "glasi mbili tu", siwezi kujua kama ni sawa na bia mbili au sita.

Swali la pili ni la usalama wa aina nyingine. Mtu anayekunywa kila siku, ambaye mikono hutetemeka na jasho kumtoka asipokunywa, asiache ghafla nyumbani kwa sababu tu amepewa vidonge. Kuacha kwa ghafla kunaweza kumletea kifafa au kuchanganyikiwa akili. Huyo anahitaji kumwambia daktari aliyemwandikia dawa, ili aidha abadilishiwe dawa au asaidiwe kuacha akiwa chini ya uangalizi. Hakuna aibu hapo, na mimi nisingependa mtu afe kwa kutii maneno "usinywe" niliyoyasema haraka haraka.

Fundi wangu alisema hunywa glasi mbili tatu za chang'aa jioni nyingi, zaidi wikendi. Mikono haimtetemeki. Vidonda vya tumbo, ndiyo, alitibiwa miaka miwili iliyopita. Halafu akaongeza jambo ambalo sikuwa nimeuliza: tangu Jumapili alikuwa akisukutua jino kwa chang'aa ili kuua maumivu. Tabia hiyo naikuta sana. Baada ya kung'olewa jino, damu iliyoganda kwenye shimo ndiyo inayolinda mfupa, na pombe huichokoza na kuitoa. Siku ya kwanza usisukutue chochote. Baada ya saa 24, maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo yanatosha.

Amoksilini

Hii naipita haraka. Amoksilini haina mgongano wa moja kwa moja na pombe. Yale maneno kwamba bia moja "inaua nguvu" ya kila antibayotiki hayana msingi kwa dawa hii. Hatari yake ni ya pembeni: mlevi husahau dozi, hutapika kidonge, hulala bila kula. Ukiwa umekunywa na saa ya amoksilini imefika, meza. Kuiruka ndiko kunakowapa nafasi vijidudu vilivyobaki kwenye taya.

Ila usichukue ruhusa hiyo ukaipeleka kwenye antibayotiki nyingine. Doksisaiklini huondolewa mwilini haraka zaidi kwa mtu anayekunywa sana kwa muda mrefu, kwa hiyo inaweza kumwishia nguvu kabla ya saa ya dozi inayofuata. Na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, inaweza kuumiza ini, tena hatari hiyo hupanda kwa mnywaji wa kila siku. Kila dawa iulizie peke yake.

Parasetamoli: hesabu majina, siyo bahasha

Parasetamoli inachukuliwa kama dawa isiyo na neno, na kwa dozi yake kweli ni salama. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Aliyekunywa bia moja au mbili jana na leo anaumwa kichwa anaweza kumeza vidonge viwili bila hofu.

Kwa mnywaji wa mara kwa mara mambo hubadilika. Ini linapovunja parasetamoli, sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu. Kwa kawaida ini lina akiba ya kemikali iitwayo glutathioni, inayoikamata sumu hiyo na kuitoa. Mtu anayekunywa sana kwa wiki nyingi, ini lake limezoea kutengeneza sumu hiyo kwa wingi zaidi, huku akiba ya kuikamata imepungua, hasa kama hali chakula vizuri. Tena pombe ikiwa bado imo kwenye damu, inagombania mashine ile ile ya ini na parasetamoli. Ikishaisha, mashine inabaki wazi kwa parasetamoli peke yake. Ndiyo maana ninaogopa ile asubuhi ya kutoa loki: mtu amelewa siku tatu matangani, hajala, ana kichwa, anameza vidonge viwili viwili kila baada ya saa mbili.

Kosa la pili ni la majina. Nilimwomba fundi atoe kila kidonge kilichokuwa mfukoni. Alikuwa na pakiti mbili za rangi tofauti, moja kutoka kwangu wiki iliyopita na moja ya kibandani. Majina makubwa ya mbele yalikuwa tofauti. Nikageuza pakiti na kumwonyesha maandishi madogo ya nyuma: zote mbili ziliandikwa "Paracetamol 500 mg". Alikuwa akimeza vya kwanza viwili mara tatu kwa siku, na vya pili viwili mara mbili. Hiyo ni vidonge 10, gramu 5, kila siku, tangu Jumapili, na jioni chang'aa juu yake, na chakula hakuna kwa sababu jino lilikuwa likimuuma akitafuna.

Hapo sikumpa bahasha ya parasetamoli. Nilimpeleka kwanza apimwe ini siku hiyo hiyo. Alirudi saa nane kasorobo na karatasi ya vipimo isiyo na tatizo, na ruhusa ya kuendelea na dozi ndogo. Kwa mtu anayekunywa jioni nyingi kama yeye, kikomo ninachotumia ni gramu 2 kwa siku: kidonge kimoja mara nne, kwa siku chache, akiwa amekula. Vidonge vya kibandani akaniachia.

Hiki ndicho kinachodanganya watu kuhusu parasetamoli iliyozidi: siku ya kwanza unaweza kujisikia salama, au kichefuchefu kidogo tu ambacho utasema ni cha pombe. Maumivu chini ya mbavu za kulia huja siku ya pili au ya tatu, na macho ya manjano baadaye, ini likiwa tayari limeumia. Dawa ya kuokoa ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri kabisa ikianza ndani ya saa 8 tangu kuzidisha. Anayesubiri aone dalili hupoteza saa hizo. Ukigundua umezidisha, nenda hospitali ukiwa bado unajisikia mzima.

Diklofenaki, na uongo wa sindano

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni ndugu. Hupunguza maumivu na uvimbe kwa kuzuia kemikali ambazo mwili huzitengeneza kwenye jeraha. Bahati mbaya kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo, zikihakikisha una ute wa kutosha na damu ya kutosha. Ukizizuia, ukuta unabaki wazi mbele ya asidi. Pombe nayo huukwangua ukuta huo. Aspirini, zaidi ya hayo, hufanya damu isigande vizuri, kwa hiyo kidonda kikifunguka hakifungi upesi. Hatari ya kuvuja damu tumboni hupanda waziwazi kwa mtu anayekunywa vinywaji vitatu au zaidi kwa siku. Hupanda pia kwa aliyewahi kuwa na vidonda, na kwa mzee.

Kuna jambo ninalolisikia karibu kila wiki: "Daktari, basi nidunge sindano, hiyo haipiti tumboni." Sindano ya diklofenaki haipiti tumboni, ni kweli, lakini dawa hufika kwenye ukuta wa tumbo kwa njia ya damu. Ulinzi unazimwa vile vile. Kumeza baada ya kula hupunguza kiungulia, lakini hakuondoi hatari hiyo. Mwenye vidonda na glasi za jioni, sindano haimwokoi.

Kwa fundi wangu nilipiga simu kliniki iliyomwandikia. Nikaeleza: mnywaji wa jioni, alitibiwa vidonda miaka miwili iliyopita. Daktari wa meno akaifuta diklofenaki pale pale; hakuwa ameambiwa habari ya vidonda. Jino lilikuwa limetoka na usaha umetoka, kwa hiyo maumivu makubwa yalikuwa yamepita, na parasetamoli ya gramu 2 ingetosha. Simu hiyo ilichukua dakika tatu. Unaweza kumwomba mtu wa kemisti akupigie, ni sehemu ya kazi yetu.

Kama umemeza yeyote kati ya ndugu hawa watatu pamoja na pombe, angalia choo chako siku zinazofuata. Choo cheusi tii, kinachonata kama lami na chenye harufu kali, ni damu iliyopita tumboni. Matapishi yenye chembe nyeusi kama machicha ya kahawa ni damu pia. Kizunguzungu unaposimama kinamaanisha umeshapoteza ya kutosha. Hapo huendi kemisti kuomba dawa ya kiungulia, unaenda hospitali.

Metronidazoli: panga kalenda

Mwili huvunja pombe kwa hatua mbili. Kwanza huigeuza kuwa asetaldehidi, kitu chenye sumu, kisha huigeuza asetaldehidi kuwa kitu cha jamii ya siki kisicho na madhara. Maelezo ya siku nyingi ni kwamba metronidazoli huzuia hatua ya pili, sumu ikajikusanya. Watafiti bado wanabishana kama hali iko hivyo kwa kila mtu, na ni kweli wapo wanaokunywa juu yake wasione kitu. Lakini wengine uso huwaka mwekundu, moyo hukimbia, kichwa hugonga, na kutapika hakukomi. Hakuna njia ya kujua mapema wewe ni wa kundi gani, kwa hiyo onyo limebaki. Tinidazoli, ambayo hapa hutolewa sana kwa amiba, ina onyo lile lile.

Fundi akanipa wazo ambalo wengi hulipata: "Je, nikiruka vidonge vya Jumamosi tu, halafu niendelee Jumapili?" Metronidazoli hupungua kwa nusu kila baada ya saa 8 hivi. Ukimeza Ijumaa saa nne usiku, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nusu bado imo, na saa nane mchana, wakati busaa inapozunguka, robo bado imo. Kuruka dozi hakukuweki salama na pombe, na kunawaacha vijidudu wa taya siku nzima bila kuguswa. Niliwahi kumpata mteja aliyefanya hivyo hivyo. Alirudi Jumatatu na uvimbe umeshuka chini ya kidevu, akimeza mate kwa shida, na nikamwitia boda moja kwa moja kuelekea hospitali.

Basi tulikaa na fundi, tukapanga kwa kalamu nyuma ya bahasha. Vidonge vya miligramu 400, kimoja kila baada ya saa 8, siku tano, jumla 15. Cha kwanza Jumanne saa nane mchana, cha pili saa nne usiku. Jumatano hadi Jumamosi vitatu kila siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Hivyo ni 14. Cha 15 ni Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Maelekezo mengi husema subiri saa 48 baada ya kidonge cha mwisho, mengine saa 72. Mimi huhesabu 72. Kwake inaangukia Jumatano inayofuata, saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya hapo hakuna bia, busaa, chang'aa, dawa ya kusukutua yenye kilevi, wala sharubati ya kikohozi yenye kilevi. Neno la kutafuta kwenye chupa ni "alcohol" au "ethanol".

Na pombe ya kabla ya kidonge cha kwanza nayo inahesabika. Alikuwa amekunywa Jumatatu saa moja jioni, glasi mbili, na saa 19 zilikuwa zimepita. Angekuwa amekunywa asubuhi ile, ningempigia tena daktari tupange ianze baadaye, huku amoksilini ikianza mara moja.

Kama unajua moyoni kwamba hutaweza kukaa siku hizo bila pombe, liseme hilo kabla dawa hazijafungwa. Daktari wa meno anaweza kuchagua antibayotiki nyingine, au kuamua kwamba jino likishatoka amoksilini peke yake inatosha kwako. Hawezi kuchagua kwa kitu asichokijua.

Ukishakunywa tayari

Watu hunipigia usiku, tayari wamekunywa, wakiogopa kusema. Kwanza acha pombe hapo hapo, na usijilazimishe kutapika. Usiongeze dawa ya maumivu juu, hasa tramadoli au kodeini. Hizo mbili pamoja na pombe hupunguza kasi ya kupumua, na mtu anaweza kulala asiamke. Dawa ya mafua inayoleta usingizi, kama klofeniramini, nayo huongeza uzito wa pombe. Aliyeimeza asipande boda akiwa dereva.

Ikiwa umeshameza metronidazoli na uso unawaka, kaa kitako na unywe maji kidogo kidogo. Usibaki peke yako. Ukitapika bila kukoma, kifua kikibana, moyo ukienda mbio bila kutulia au ukizirai, upelekwe hospitali usiku huo. Kwa sisi wa mjini Kisumu ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia. Aliyelewa na hawezi kuamshwa, mlaze ubavu, asilazwe chali, mpaka gari lifike.

Beba bahasha zote na pakiti zote, hata zilizobaki tupu, na mwambie daktari ulikunywa nini na saa ngapi. Kama ilikuwa chang'aa, taja kwamba ni chang'aa, na kama unaona ukungu machoni sema hilo kabla ya kitu kingine chochote. Hiyo inaweza kuwa dalili ya methanoli, kilevi chenye sumu, na matibabu yake ni tofauti kabisa na ya vidonge.